Siku Duka Lilipobaki na Paka

Wenye maduka wa Kitale walikuwa na msemo wao: ukitaka kusifiwa, ngoja siku ya mazishi yako, ukitaka kujua ulivyo, kamuulize Mama Kibe. Wahu, ambaye ndiye Mama Kibe mwenyewe, aliusikia msemo huo, akaupenda mno, na baada ya muda akawa anausema yeye kwa watu waliokuwa hawajausikia.

Alikuwa mjane wa Kagwe, mama wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenye sweta ya kijani na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu kama mzigo wa safari ndefu. Duka lake la pembejeo, agroveti kama tunavyoita, liliuza mbegu, mbolea, dawa za kuogeshea ng'ombe na za minyoo, na mbele yake kulikuwa na benchi ambapo wakulima walikaa kulalamikia mvua. Shule aliishia darasa la nne. Lakini mwandiko wake! Herufi zilisimama wima kama mahindi ya shamba lililopaliliwa, na hakuna mtoto wa chuo aliyefanya kazi pale ambaye hakuambiwa, "Hebu rudia hiyo, umeandika kama kuku amepita."

Mwaka wa elfu mbili na sita, mahindi yakiwa yanakatwa na kusimamishwa mashambani, simu yake ililia akiwa anapima dawa ya kupe.

"Hallo, ni Mama Kibe wa agroveti?"

"Ni yeye. Na wewe ni nani mwenzangu?"

"Naitwa Roselyne. Napiga kutoka Bungoma. Mimi ndiye meneja wa duka la pembejeo hapa karibu na stendi. Kuna mtu ameomba kwetu kazi ya stoo, na ametupatia jina lako. Hesbon Wabwile. Sasa nilitaka tu uniambie kidogo, mama, ni mtu wa aina gani?"

Wahu aliweka chupa ya dawa chini polepole.

"Mama Roselyne," alisema, "mimi sikuoni. Sauti haina uso. Unaweza kuwa meneja, unaweza kuwa mtu anamdai, unaweza kuwa mwanamke amekosana naye."

Upande wa pili Roselyne alicheka. "Haki mama, mimi ni meneja tu."

"Nakuamini. Lakini niandikie barua. Weka jina la duka, weka muhuri, weka sahihi yako. Uliza unachotaka kujua. Na Hesbon mwenyewe aniambie, kwa kinywa au kwa kalamu yake, kwamba amekubali niseme. Hapo nitakujibu, na nitakujibu vizuri. Habari ya mtu si karanga za kugawa barabarani."

"Wengine wote wamenijibu kwa simu, mama. Dakika moja."

"Na wamesema nini?"

"Wamesema ni mzuri."

"Sawa. Mimi si wengine."

Hakukata simu kwa hasira, la. Alimtakia Roselyne siku njema, akauliza kama Bungoma mvua imekatika, kisha ndipo akakata. Heshima hakuwahi kumnyima mtu.

Kibe, mwanawe, alikuwa akipanga mifuko ya chakula cha kuku, akasikia yote. Kibe alikuwa mwanamume mzima mwenye watoto, mwenye kitambi kidogo cha kuanzia, na alikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelimeza. "Hesbon?" alisema. "Ati Hesbon anaomba kazi ya stoo? Stoo tena? Huyo mtu hana aibu, bana."

Hapa yafaa msomaji ajue kilichotokea, kwa maana bila hicho mengine yote hayaeleweki.

Hesbon Wabwile alikuwa mtu wa Myanga, upande wa Bungoma, mrefu, mkimya, mwenye mikono mipana. Wahu alimwajiri kutunza stoo iliyokuwa nyuma ya duka, na kwa mwaka mzima hakupata hata punje ya kumlaumu. Mbegu za zamani zilitoka kwanza, mpya zikakaa nyuma. Sumu hazikuwekwa karibu na chakula cha mifugo. Panya walikuwa na hofu, kwa sababu Hesbon alileta paka mweupe ambaye watu wa duka walimwita Meneja, maana hakufanya kazi yoyote mbele ya watu.

Kisha ukaja msimu mmoja wa kupanda. Wahu na Kibe walikuwa wamekwenda depo kuchukua mbegu, Hesbon akabaki peke yake, duka na stoo. Stoo ilikuwa wazi, ufunguo ukining'inia kwenye kufuli, kwa sababu alikuwa anatoa mbolea. Mara mlango wa mbele akaingia mteja, mama wa makamo mwenye kikapu. Hesbon akainua macho. Alikuwa Phelista wa Kiminini. Mama mkwe wake.

Sasa, anayewajua watu wa Bungoma anajua. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani ana kwa ana, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani hadi mwenzake apite. Si chuki, ni heshima yenyewe, ile nzito, ambayo mtu hufundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu. Phelista hakujua kwamba binti yake ameolewa na mtu wa duka hili. Alijua tu kwamba mkwe anafanya kazi Kitale. Alipoona ni nani amesimama nyuma ya kaunta, alipiga kelele ndogo, akafunika uso kwa leso, akatoka mlango wa mbele mbio. Na Hesbon, miguu haikungoja akili, akatoka mlango wa nyuma mbio vilevile, akaruka ua wa jirani, akaenda kusimama nyuma ya kinyozi huku moyo ukimdunda.

Duka likabaki na Meneja.

Aliporudi, mifuko kadhaa ya mbolea ya kupandia ilikuwa imeondoka. Mtu wa mkokoteni alionekana na jirani mmoja akiteremka barabara bila haraka, kama mtu aliyelipa. Hakupatikana mpaka leo.

Wahu aliporudi alimkuta Hesbon amesimama mlangoni, hajakaa, hajakunywa maji. "Mama," alisema, "nimeacha stoo wazi. Hakuna mtu amenisukuma. Ni mimi." Alipoulizwa kwa nini, alitazama chini. Ilichukua siku mbili na fundi viatu mmoja Mbukusu, mtu wa kabila la Hesbon, kumweleza Wahu sababu, na Wahu, ambaye kwao Nyeri mama mkwe hukaribishwa kwa chai, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mbolea ilikuwa imekwenda kweli.

Alimpa onyo la maandishi. Hesbon alitia sahihi bila neno. Tangu siku hiyo alifunga ufunguo kwa kamba shingoni, na hata akienda kujisaidia alifunga kwanza. Miaka miwili tena alikaa, stoo haikupungua. Kisha mwaka uliopita aliomba kuondoka, akatoa notisi kama inavyotakiwa, akamweleza Wahu sababu wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. Wahu alimwandikia cheti cha kazi, akamwombea, akamwacha aende. Sababu hiyo Kibe hakuwahi kuambiwa.

Barua ya Roselyne ilifika ikiwa na muhuri mkubwa wa bluu, na maswali yamepangwa kwa Kiingereza safi. Alifanya kazi gani, lini hadi lini? Aliacha kwa nini? Anaaminika na ufunguo? Amewahi kupatikana na kosa? Je, yeye au familia yake wana ugonjwa wowote? Ungemwajiri tena? Chini Hesbon mwenyewe alikuwa ameandika kwamba amekubali Mama Kibe ajibu.

"Mami, hii ni rahisi," Kibe alisema. "Andika alitorosha mbolea. Mwisho."

"Uliona akitorosha?"

"Kwani si kila mtu Kitale alijua?"

"Kila mtu hana macho. Nimekuuliza wewe, Kibe wa Kagwe. Uliona?"

Kibe alikuna shingo. "Sikuona. Lakini mtu anakimbia duka, halafu mbolea inakimbia pia? Wewe huoni hiyo ni mipango?"

"Mimi naona mtu alikimbia mama mkwe. Hiyo ndiyo niliyoona. Mengine ni upepo wa kichwa chako."

"Basi usijibu kabisa. Hakuna sheria inakulazimisha kumsifu mtu. Cheti si ulimpa? Kina tarehe, kina kazi. Inatosha."

"Nikinyamaza, huko Bungoma watasema Mama Kibe ana kitu amekificha. Kunyamaza pia ni kusema."

"Basi sema ni mzuri, kama wengine! Wewe unataka nini, Mami?"

Wahu alichukua barua akaenda kukaa nyuma ya duka, kwenye gunia la mtama, na alipokaa hapo alikuwa hayuko Kitale ya siku hizo. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu.

Baba yake, Hiram, alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Endebess, miaka ile ya ukoloni. Siku moja aliuliza kwa nini posho imepunguzwa. Mwisho wa mwezi akaambiwa aende, akapewa karatasi ya kuonyesha mabwana wengine. Baba aliifurahia karatasi ile! Aliikunja akaiweka kwenye mkebe wa ugoro ili isilowe, akatembea nayo shamba hadi shamba. Kila mzungu aliisoma, akamtazama juu hadi chini, akamrudishia, akatikisa kichwa. Baba akasema labda kazi zimeisha. Wahu ndiye aliyeichukua karatasi akampelekea mwalimu wake, kwa maana herufi alizitambua ila maneno hakuyajua. Mwalimu alisoma, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Imeandikwa hivi. Mtu huyu anajua ng'ombe, lakini ni mkaidi, asiaminiwe."

Alipomwambia baba, mzee hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe nilikuwa nikimbeba adui yangu mwenyewe mfukoni, na nikimkausha asilowe."

Wahu alikua, akaolewa, akazika, akajenga duka. Hilo neno hakuliacha. Na kutokana nalo alijitungia sheria ambayo hakuna serikali iliyomwandikia: usiandike juu ya mtu jambo ambalo huwezi kumsomea yeye mwenyewe usoni.

Kwa hiyo akamwita Hesbon.

Hesbon alikuja siku ya soko, amevaa shati lililopigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, mwili umepungua kidogo. Kibe alimsalimia kwa kidevu, akaenda kuwa na kazi nyingi sana mbele ya duka. Wahu alimwekea Hesbon kikombe cha chai nyuma, karibu na stoo ileile. Meneja, aliyekuwa mzee sasa, alikuja akajisugua kwenye mguu wa aliyemleta, na hilo likamlegeza mgeni kuliko chai.

"Hujambo, mama. Na watoto?"

"Hatujambo. Na Edah?" Edah ndiye mke wake.

"Anaendelea. Anapalilia mboga sasa. Mungu ni mwema." Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Mama Kibe, nilikuja kukuomba. Kazi hii mimi naihitaji. Ile siku... ile siku usiitaje. Ukiitaja, umenimaliza. Nani atampa stoo mtu aliyeacha stoo?"

"Wameniuliza kama uliwahi kupatikana na kosa."

"Sema hapana. Si ni neno moja tu?"

"Hesbon." Alisema jina lake kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi zisipeperuke. "Nikisema hapana juu ya hilo, yale mengine mazuri nitakayosema yatakuwa na thamani gani? Neno langu nimelijenga miaka arobaini. Ndilo wewe ulilowapatia walipokuomba jina la mtu. Hukuwapatia jina la ndugu yako wa Myanga. Ulitaka jina langu kwa sababu watu wanaliamini. Sasa unataka nililainishe?"

Hesbon alitazama ndani ya kikombe.

"Kosa nitalisema," Wahu aliendelea, "lakini nitalisema lote, na mwisho wake pia, si kichwa chake tu. Na hapo kuna jambo moja sitalifanya bila wewe. Nikiandika kwamba uliacha stoo wazi nikakomea hapo, watadhani ulikuwa mlevi, au ulikuwa kwa wanawake. Nikisema kwa nini, nimegusa ukwe wako. Hiyo ni nyumba yako, si duka langu. Uniambie wewe. Niandike au niache?"

Hesbon alimkuna Meneja nyuma ya sikio. Kisha akanyoosha mgongo, na Wahu akamwona kwa mara ya kwanza siku ile akiwa mrefu kama alivyokuwa.

"Andika, mama. Kuacha ufunguo kwenye kufuli, hiyo ni aibu yangu. Lakini kukimbia mama mkwe? Hiyo si aibu. Ningesimama pale nimtazame usoni, hiyo sasa ndiyo ingekuwa aibu ya kuzikwa nayo."

"Vizuri sana," Wahu alisema, na alisema kwa kumaanisha. "Na sababu ya kuondoka?"

Uso wa Hesbon ulikunjika. "Hiyo ni ya Edah."

"Basi haiko kwenye kalamu yangu. Sikukuuliza ili niandike. Nimekuuliza ujue sitaandika."

Wakati huo ndipo Kibe aliingia, kwa kisingizio cha kutafuta mizani, akasimama. "Hesbon, mimi nikuulize waziwazi, bana. Yule wa mkokoteni, ulimjua?"

"Kibe!" Wahu alisema.

"Mwache aulize, mama. Miaka yote hii ananitazama kama mlango una nyufa." Hesbon akamgeukia. "Ningemjua, unafikiri ningesimama hapo mlangoni kuwangoja? Si ningepanda ule mkokoteni twende pamoja? Hata kusukuma ningesaidia."

Kibe alitaka kubaki na uso mkali, lakini picha ya Hesbon na miguu yake mirefu juu ya mkokoteni ilimshinda. Alitoa pumzi kupitia puani, ikawa kicheko nusu. "Wewe na mama mkwe wako mlinitoa jasho," alisema, akaondoka bila mizani.

Wahu aliandika palepale, kwa Kiswahili. Kiingereza alijua cha kutosha kununua na kuuza, lakini alisema neno likikosewa kwenye bei ni shilingi inapotea, likikosewa kwenye barua kama hii ni mtu anapotea. Alimaliza, akavaa miwani vizuri, akamsomea Hesbon neno kwa neno:

"Kwa Bi. Roselyne. Nimepokea barua yako na ruhusa ya Hesbon Wabwile. Ninajibu yale niliyoyaona mwenyewe nikiwa mwajiri wake, na si zaidi. Alinitunzia stoo ya pembejeo, tarehe ziko kwenye cheti chake cha kazi na ni za kweli. Aliacha mwenyewe, kwa notisi kamili, sikumfukuza. Sababu yake ilikuwa ya nyumbani, ni yeye wa kuisema akitaka. Habari za ugonjwa wa mtu au wa nyumba yake sizijibu, kwake wala kwa mtu yeyote aliyenifanyia kazi.

"Kosa moja analo. Siku moja msimu wa kupanda aliondoka ghafla akaacha stoo wazi na ufunguo mlangoni, na mbolea ikaibiwa. Alikuwa peke yake dukani, na mama mkwe wake aliingia. Kwa desturi yao hawezi kusimama mbele yake. Sikuona wala sikupata lolote la kuonyesha kwamba alijua wizi huo. Alikiri kabla ya kuulizwa. Nilimpa onyo la maandishi. Baada ya hapo alikaa miaka miwili, hakuacha stoo wazi tena, wala haikupungua mkononi mwake. Mimi nami nilikosea kumwachia mtu mmoja duka na stoo wakati wa msongamano, sasa siachi.

"Anajua kupanga mali, anajua sumu ikae wapi. Si mwepesi wa maneno kwa wateja. Usimweke kaunta ukitaka mtu wa kuchangamsha. Unauliza kama ningemwajiri tena. Ndiyo. Nafasi yake imejazwa, lakini ndiyo."

Hesbon alisikiliza hadi mwisho. Kwenye lile neno la kaunta alikunja uso kidogo.

"Kuna uongo?" Wahu aliuliza. "Sema. Uongo nitaufuta. Ukweli unaouma nitauacha."

"Hakuna uongo, mama." Akasimama. "Lakini nafikiri hiyo kazi imeenda."

"Pengine. Lakini ikienda, hutaambiwa kwamba kuna karatasi inakusema nyuma ya mgongo wako. Umeisikia yote."

Aliifunga kwa gundi, akaandika juu yake kwamba ni ya Roselyne mkononi mwake na si ya mtu mwingine, akaipeleka posta yeye mwenyewe.

Roselyne alipiga simu ilipomfikia. Safari hii sauti yake haikuwa na haraka. "Mama Kibe, nimesoma. Nakushukuru. Lakini nikuulize kitu kimoja, sisi wawili tu. Hii sababu ya nyumbani. Tumesikia maneno hapa kwamba mke wake alikuwa hoi. Wewe unajua ni ugonjwa gani? Kwa sababu, wajua siku hizi, mama... mtu akianza kuomba ruhusa kila wiki, stoo itakaa na nani?"

Wahu alijua kwamba neno moja hapa, hata neno la kutuliza tu, hata "amepona", lingekuwa limefungua mlango ambao si wake. Na alijua pia kwamba kukataa kungeweza kumgharimu Hesbon kazi. Alishika simu kwa mkono wa pili.

"Mama Roselyne, kwangu miaka yote hiyo hakukosa kazi bila ruhusa. Hilo ni langu, nakupa. Hilo lingine si langu. Ukitaka kujua kama ataweza kuja kila siku, muulize hivyo: utaweza kuja kila siku? Hilo ni swali la kazi. Ugonjwa wa mke wake si swali la kazi."

"Haya, mama," Roselyne alisema. "Nimesikia." Akakata.

Kisha hakuna habari. Mahindi yakapukuchuliwa, yakaanikwa kwenye maturubali, Krismasi ikaja ikapita. Kibe hakusema "nilikuambia", lakini alikuwa na namna ya kutolisema ambayo ilisikika. Wahu hakumpigia Hesbon simu. Alifanya kazi yake kichwa juu. Usiku hakulala vizuri kila siku, lakini hilo si la kuwaambia wateja.

Mvua za kwanza zilipotishia, na wakulima wakaanza kujaa kwenye benchi, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka nje, kando ya mlango, mtu haonekani:

"Hodi hapa! Mkwe wangu hayumo humo?"

Benchi zima liligeuka. Wahu aliinuka kwenye kiti chake. Miaka yote tangu siku ile, Phelista wa Kiminini hakuwa amekanyaga duka hilo. Mbegu zake alituma watu.

"Hayumo, mama! Aliondoka zamani. Ingia tu."

"Una hakika? Nasikia alihama, lakini isije nikawafukuzia mtu tena." Na Phelista akaingia, kikapu mkononi, macho yakipekua kila kona hadi yakatua kwa Meneja juu ya gunia. "Ee! Na huyu bado ndiye anayelinda?"

Watu wa benchi walicheka hata wasiojua wanachochekea.

"Karibu, mama mkwe wa Hesbon," Wahu alisema. Halafu, kwa kuwa kiburi chake kilikuwa kimekaa miezi bila chakula, hakuweza kungoja salamu ziishe. "Na yeye... yuko wapi siku hizi?"

"Hujui? Binti yangu aliniambia. Yuko Bungoma, kwenye stoo ya mbegu, tangu mwezi uliopita. Yule meneja mwanamke alimwita akamuuliza, wewe utaweza kuja kila siku? Akasema nitaweza. Akamuuliza tena, mama mkwe wako anakaa wapi?" Phelista alipiga paja. "Haki ya Mungu, ati ndilo swali la kazi! Akamwambia Kiminini. Yule mama akasema basi, stoo hii itakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja wako, mwingine wa mwenzako, na hakuna mmoja atakaa peke yake. Ati hata mimi nikitaka kwenda Bungoma niende tu. Yeye akimbie atakavyo, mali itabaki."

Wahu alikaa chini polepole. Aliangalia mlango wa mbele, uliokuwa na duara la mwanga, na mlango wa nyuma, na kaunta katikati, mahali ambapo watu wawili waliwahi kuheshimiana hadi wakamwachia paka biashara yake. Alimfikiria baba yake na mkebe wa ugoro.

"Kibe," aliita.

Kibe alichungulia kutoka stoo. Alikuwa amesikia yote, na hakumtazama mama yake machoni.

"Mpimie mama mbegu. Zile mpya, si za mwaka jana. Na umletee kiti, amesimama miaka yote hii nje ya duka letu."

"Ndiyo, Mami," alisema Kibe. Kabla ya kwenda kuchukua mbegu alisita, kisha akamnyooshea Phelista mkono, na Phelista akaupokea, kwa maana Kibe hakuwa mkwe wake, na alikuwa huru kumtazama usoni.